DENI LIPI LILIPWE KWANZA?



Kwa siku nyingi nimesikia mabishano juu ya madeni. Nayasikia kwenye gari la moshi la asubuhi, na jioni pia kule Kawangware ninakokaa, pamoja na wenzetu wanaopanda kila siku kwenda kazi za Lavington: madereva, mabawabu, wapishi na watunza bustani. Karibu kila mmoja ana madeni matatu au manne kwa wakati mmoja. Mwisho wa mwezi ukifika, mshahara ni ule ule mmoja, na swali ni moja: nianze na nani?

Wako wanaosema, anza na deni dogo, ulimalize, kisha uende kwa lile linalofuata kwa ukubwa. Wengine wanasema sivyo, anza na deni lenye riba kali, hata kama ni kubwa. Wataalamu wa fedha wa ng'ambo wamezipa njia hizi majina ya theluji. Ile ya kwanza huitwa mpira wa theluji, kwa kuwa mpira ukiviringishwa hukua kidogo kidogo. Ya pili huitwa maporomoko ya theluji, yanayoanzia juu kileleni. Sisi ambao theluji twaiona kwa mbali juu ya Mlima Kenya tutosheke na majina ya nyumbani: DOGO KWANZA na RIBA KWANZA.

Mimi maoni yangu ni kwamba riba ndiyo ya kutazamwa kwanza, lakini wale wa dogo kwanza nao wana neno la kweli ambalo halifai kudharauliwa. Sitaki mwenzangu akubali kwa maneno matupu. Tupige hesabu pamoja.

KWANZA, PIMA RIBA ZOTE KWA KIPIMO KIMOJA

Hapa ndipo wengi hupotea kabla hata ya kuanza. Mtu husoma kwamba mkopo huu ni 7.5 kwa mia na ule ni 8 kwa mia, naye husema huu wa 7.5 ndio rahisi. Lakini 7.5 kwa muda gani, na 8 kwa muda gani?

Mkopo wa M-Shwari ulipoanza mwaka wa 2012 ulitoza ada ya 7.5 kwa mia kwa siku 30. Hazina ya Hasla ilipozinduliwa na Serikali Novemba 2022 ilitoza 8 kwa mia, lakini kwa mwaka mzima. Mtu akikopa shilingi 1,000 kwa mwezi mmoja, ule wa kwanza unamtoza shilingi 75. Ule wa pili, kwa kipimo cha mwezi, haufiki shilingi 7. Kwa hiyo 8 ni ndogo kuliko 7.5, na tena ni ndogo mara kumi na zaidi.

Chukua karatasi, uandike kila deni, na mbele yake andika riba ya MWEZI MMOJA. Ikiwa riba ni ya mwaka, igawe kwa 12. Ikiwa ni ya juma moja, izidishe kwa 4, nawe utakuwa karibu na ukweli. Usiende mbele kabla ya kumaliza kazi hiyo.

MFANO WETU

Tumchukue dereva mmoja wa nyumba ya Lavington. Ni mtu wa mfano tu, lakini madeni yake ni ya namna tunayoijua sote. Ana madeni matatu:

Duka la mtaani: shilingi 4,000, bila riba. Mwenye duka anataka angalau 500 kila mwezi.

Chama cha akiba na mikopo: shilingi 16,000, riba 1 kwa mia kwa mwezi juu ya deni lililobaki. Lazima alipe angalau 1,000 kila mwezi, riba ikiwa ndani yake.

Mkopeshaji wa mtaani, yule tunayemwita shailoki: shilingi 20,000, riba 10 kwa mia kwa mwezi. Kila mwezi anataka angalau riba yake, na mkopaji akilipa sehemu ya deni lenyewe, riba ya mwezi ujao hupungua.

Jumla ni shilingi 40,000. Dereva huyu, baada ya kodi ya nyumba, chakula na karo, anaweza kutenga shilingi 6,000 kila mwezi kwa ajili ya madeni. Malipo ya lazima ya mwezi wa kwanza ni 500, na 1,000, na 2,000 za riba ya shailoki, jumla 3,500. Zinabaki shilingi 2,500. Mabishano yote ya dogo kwanza na riba kwanza ni juu ya hizi 2,500 tu. Malipo ya lazima hayana mabishano, yalipwe yote kwa njia yoyote ile. Ukiruka malipo ya chama cha akiba, chama kitakata akiba yako na kisha kitawageukia wadhamini wako, na hao ni wafanyakazi wenzako.

NJIA YA DOGO KWANZA

Mwezi wa kwanza dereva anampa shailoki riba 2,000, chama 1,000, na 3,000 zote zilizobaki anazipeleka dukani. Duka linabaki na 1,000. Mwezi wa pili analimaliza duka. Jina moja limekwisha kufutwa katika karatasi yake, naye amefurahi.

Sasa nguvu zote zinakwenda kwenye chama, shilingi 4,000 kwa mwezi, na shailoki anaendelea kupewa riba yake 2,000. Chama kinakwisha mwezi wa sita. Lakini tazama: katika miezi mitano ya kwanza shailoki amekwisha kupokea shilingi 10,000, na deni lake bado ni 20,000 kamili kama siku ya kwanza. Mwezi wa sita ndipo linapoanza kuguswa. Toka hapo 6,000 zote zinakwenda kwake, na mwezi wa kumi dereva anamaliza kwa kulipa 2,414 za mwisho.

Jumla aliyolipa ni shilingi 56,414. Toa deni la 40,000, riba ni 16,414.

NJIA YA RIBA KWANZA

Mwezi wa kwanza dereva analipa duka 500, chama 1,000, na 4,500 anampa shailoki. Katika hizo, 2,000 ni riba na 2,500 zinapunguza deni, nalo linashuka mpaka 17,500. Kwa hiyo riba ya mwezi wa pili si 2,000 tena, ni 1,750. Akitoa 4,500 nyingine, deni linafika 14,750. Mwezi wa tatu riba ni 1,475. Unaona jinsi inavyokwenda: malipo ni yale yale, lakini kila mwezi riba inakula kidogo na deni linakatwa zaidi.

Mwezi wa saba shailoki anamalizwa. Pesa zilizokuwa zake zinahamia kwenye chama. Duka, ambalo limekuwa likipewa 500 zake polepole, linakwisha mwezi wa nane. Chama kinakwisha mwezi wa tisa kwa malipo ya mwisho ya shilingi 793.

Jumla aliyolipa ni shilingi 48,793. Riba ni 8,793.

Tofauti ya njia mbili hizi ni shilingi 7,621. Mtu ni yule yule, mshahara ule ule, madeni yale yale, na 6,000 zile zile za kila mwezi. Kilichogeuka ni mpango tu.

Sababu yake ni rahisi kushika. Shilingi 1,000 ukiipeleka kupunguza deni la shailoki, inakuokolea shilingi 100 kila mwezi unaofuata. Shilingi 1,000 hiyo hiyo ukiipeleka kwenye chama, inakuokolea shilingi 10. Ukiipeleka dukani, haikuokolei kitu. Basi fikiri kwamba shilingi yako ni kibarua uliyemwajiri: mpeleke mahali ambapo kazi yake inaonekana.

KWA NINI WATU HAWAIONI TOFAUTI

Mwenzangu mmoja aliniambia kwamba alijaribu zote mbili akaona ni sawasawa. Hakusema uongo. Mwishoni mwa mwezi wa kwanza dereva wetu atakuwa na deni la jumla la shilingi 36,160, kwa njia hii na kwa njia ile, bila tofauti ya hata senti moja. Mwishoni mwa mwezi wa pili tofauti ni shilingi 250 tu. Nani ataona 250? Lakini mwishoni mwa mwezi wa tano imefika zaidi ya 2,600, na mwezi wa sita zaidi ya 4,000. Anayepima njia hizi kwa mwezi mmoja au miwili hatapata jibu.

Kuna neno jingine linalosemwa, kwamba dogo kwanza linakupunguzia malipo ya lazima mapema, ili mtoto akiugua usibanwe. Tulipime hilo nalo. Ukifika mwezi wa tano kwa njia ya dogo kwanza, malipo ya lazima ni 2,000 za shailoki na 1,000 za chama, yaani 3,000. Kwa njia ya riba kwanza, ni riba ya shailoki 840, chama 1,000, duka 500, yaani 2,340. Majina ni mengi zaidi katika karatasi, lakini mzigo ni mwepesi zaidi. Usihesabu majina, hesabu shilingi.

NENO LA KWELI LA DOGO KWANZA

Sasa niwape haki yao wale wa upande wa pili. Katika njia ya riba kwanza dereva wetu alikaa miezi sita kamili bila kufuta jina hata moja. Kila jioni anapita mbele ya duka ambalo bado linamdai. Mtu aliyechoka, miezi sita ni mingi. Wengine hukata tamaa mwezi wa tatu, wakaacha mpango wote, na mpango ulioachwa hauokoi hata senti.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka wa 2012 wataalamu wawili wa Marekani, David Gal na Blakeley McShane, walichapa uchunguzi wao juu ya watu waliokuwa katika mpango wa kumaliza madeni. Waliona kwamba wale waliofaulu kufunga madeni mamoja mamoja ndio walioelekea zaidi kumaliza yote. Ushindi mdogo humpa mtu nguvu ya kuendelea. Basi dogo kwanza si ujinga. Ni dawa ya moyo, na swali la haki ni kwamba dawa hiyo inauzwa bei gani.

Katika mfano wetu, dawa nzima ni shilingi 7,621. Mimi naona ni ghali mno. Lakini kuna kipimo cha katikati. Dereva na amalize DUKA PEKE YAKE kwanza, kisha aache chama kingoje na amgeukie shailoki kwa nguvu zote. Nimeipiga hesabu hiyo pia. Duka linakwisha mwezi wa pili, shailoki mwezi wa saba, chama mwezi wa tisa, na jumla ya malipo ni shilingi 50,513. Ni shilingi 1,720 zaidi ya riba kwanza, lakini karibu 5,900 chini ya dogo kwanza. Kwa 1,720 hizo amepata jina lililofutwa mapema, na mwenye duka atamwamini tena akihitaji unga katikati ya mwezi. Kwa mtu ajijuaye kuwa moyo wake huchoka upesi, sitamlaumu kwa kununua hilo.

Na ikiwa riba zako zote zinakaribiana, basi bishano lenyewe halina maana. Tuseme deni moja ni 1 kwa mia kwa mwezi na jingine ni 1.5. Shilingi 1,000 ukiihamisha kutoka hili kwenda lile inakuokolea shilingi 5 kwa mwezi. Hapo fuata dogo kwanza bila kuuliza mtu, ufurahi.

MAMBO MANNE YA KUANGALIA

La kwanza. Muulize mkopeshaji wako waziwazi: nikilipa sehemu leo, riba ya mwezi ujao itapungua? Hesabu yetu yote imesimama juu ya jibu la ndiyo. Wako wanaotoza riba juu ya deni la mwanzo mpaka mwisho, hata kama umelipa nusu. Wako wanaosema, leta elfu ishirini zote mara moja au leta riba tu. Kwa hao, kulipa kidogo kidogo hakukusaidii. Hapo njia ni kuliondoa deni lote kwa mara moja. Vyama vingi vya akiba hukopesha mpaka mara tatu ya akiba ya mwanachama, akiwa na wadhamini. Ukiweza kukopa huko 20,000 kwa 1 kwa mia na kumlipa shailoki, riba ya mwezi wa kwanza inashuka kutoka 2,000 mpaka 200. Lakini usirudi tena kwake, maana hapo utakuwa na madeni mawili mahali pa moja.

La pili. Mikopo ya simu yenye ada moja kwa siku 30 haina faida ya kulipwa siku ya tano kuliko siku ya ishirini na tisa, kwa kuwa ada ni ile ile. Hatari yake ni siku ya thelathini na moja, ada inapotozwa upya juu ya kilichobaki. Deni la namna hiyo lipangie tarehe yake, uliue kabla ya tarehe hiyo kupita.

La tatu. Deni likimalizika, malipo yake yasirudi mfukoni. Dereva wetu alitoa 6,000 mwezi wa kwanza na 6,000 mwezi wa nane. Akiacha zile 500 za duka ziende kwenye soda, na zile za shailoki ziende kwenye viatu, hakuna njia kati ya hizi mbili itakayomfikisha mwezi wa tisa.

La nne. Mshahara wako una kinga yake. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inasema kwamba makato yote ya mshahara kwa jumla yasizidi theluthi mbili. Theluthi moja lazima ikufikie mkononi. Tazama hati yako ya mshahara, na ukiona makato yamepita hapo, mwendee mwakilishi wa chama kazini. Tena usiweke mpango wa kulipa madeni unaokuacha bila nauli, kwa maana mtu asiye na nauli tarehe 20 atakopa tena tarehe 21, na kwa kawaida atakopa kwa yule mwenye riba kali kuliko wote.

Mwisho, utajuaje kwamba mpango wako unakwenda sawa? Kila siku ya mshahara, baada ya kulipa, jumlisha madeni yote yaliyobaki na uandike jumla hiyo pamoja na tarehe. Jumla ya mwezi huu iwe chini ya ile ya mwezi uliopita, na kushuka kwake kuwe kukubwa zaidi kila mwezi. Ikiwa umelipa 6,000 na jumla haikushuka, usitafute mchawi. Ama kuna riba hukuiandika, ama kuna mkopo mpya umeingia kwa mlango wa nyuma.

Haya ndiyo maoni yangu. Anayeyapinga naye apige hesabu yake kwa madeni yake mwenyewe, ailete tuichape hapa, ili wenzetu wachague kwa kuona tarakimu.

Ni mimi mwenzenu,
Mfanyakazi wa Reli, Nairobi